Nyama hii haisubiri wageni

Dada, salaam. Nimeolewa mwaka huu, tunakaa Ntinda, na jiko ndilo linalonitoa jasho. Kwetu Bombo mimi nilikuwa wa kuosha vyombo. Kupika kulikuwa kwa mama na dada zangu wakubwa.

Jumapili iliyopita wakwe walikuja kula. Ijumaa asubuhi nilinunua paja la ng'ombe lisilo na mfupa, kilo 1.2, likiwa bado na joto la kuchinjwa, nikalitia friza hapo hapo. Jumamosi nikalishusha kwenye friji likayeyuka. Jumapili nikalipaka chumvi, kitunguu saumu na mafuta, nikaliingiza kwenye oveni saa nne na nusu, digrii 200, nikaliacha saa mbili nzima. Wageni wakakwama kwenye jamu ya barabara ya Jinja, basi nikazima oveni nikaiacha nyama humo humo isipoe, kama dakika hamsini hivi. Maji kwenye trei niliweka, tena nikayaongeza mara mbili. Pamoja na hayo ilitoka kavu, unatafuna kama sponji. Baba mkwe aliomba maji ya kunywa mara tatu, na hakusema neno.

Kosa ni la bucha, la oveni au langu? Na nitajuaje saa ya kuitoa? Ujue tu kwamba nyumba hii hatuli nyama yenye damu.

Mdogo wako, Ntinda

*

Mdogo wangu,

Uliipika nyama kama matooke. Matooke ukishayafunga kwenye majani ya mgomba na kuyaweka juu ya moto mdogo, wageni wachelewe saa moja, wachelewe saa mbili, utayakuta laini, na wengine watakwambia yamezidi utamu. Paja la ng'ombe halina subira hiyo. Lina dakika zake chache za kuwa tayari, na likishazipita halirudi. Lako lilikuwa tayari kabla ya saa sita mchana. Wakwe walipobisha hodi lilikuwa limepitiliza kwa zaidi ya saa moja na nusu.

Nyama mbichi sehemu yake kubwa ni maji, karibu robo tatu. Maji hayo hayakai ovyo kama ndani ya chupa. Yameshikwa katikati ya nyuzi nyembamba za protini, na nyuzi zenyewe zimefungwa kwa utando. Moto ukifika, nyuzi zinaanza kujikunja tangu kwenye digrii 50 hivi. Zikifika kati ya 60 na 65, utando nao unasinyaa na kuzikaba, na hapo maji yanaanza kukamuliwa sawasawa, kama unavyosokota kanga uliyoifua. Ikipita 70 mkamuo unazidi, na ikifika 80 kilichobaki ni zile nyuzi kavu alizokuwa akitafuna baba mkwe. Hizi ni digrii za katikati ya nyama, mdogo wangu, si za oveni. Oveni yako ya 200 ni moto tu unaoisukuma nyama kupanda. Ukisahau kuitoa, haisimami kwenye 65 ikakungoja, inaendelea kupanda.

Ndiyo maana maji ya kwenye trei hayakukusaidia. Maji ya nje hayaingii ndani ya nyama inayokamuliwa. Kinachotokea ni kwamba yale ya ndani yanatoka na kuchanganyika nayo. Chemsha steki ndani ya sufuria iliyojaa maji kwa saa moja uone, itatoka kavu ikiwa imelowa. Maji ya trei yana kazi moja ya maana, kuzuia yale mafuta na juisi yaliyodondoka yasiungue, ili upate mchuzi mzuri. Kupaka mafuta juu ni hivyo hivyo, kunasaidia ngozi ya nje kupata rangi. Hata lile la kukaanga nyama kwanza pande zote ili "kufungia maji ndani" halina ukweli. Kaanga ukipenda, kwa ajili ya ladha na rangi, lakini hakuna kinachofungwa.

Najua utaniuliza, mbona mama kule Bombo huiweka nyama motoni tangu asubuhi na inalainika? Kwa sababu ile si nyama hii. Yeye hununua bega, kifua au muundi, zile sehemu ambazo ng'ombe huzitumia kutembea na kubeba uzito wake, zenye utando mweupe na kano ndani. Utando ule ukikaa muda mrefu kwenye joto la digrii 80 na kupanda unayeyuka na kuwa ute mzito, ule ule unaonata midomoni ukinywa supu ya kongoro, hii tunayoiita molokoni. Nyuzi za nyama ile nazo zimeshakamuliwa zamani, usidanganyike, ila ute unazipaka na mdomo unahisi ulaini. Paja safi uliloletewa, jekundu tupu, mafuta kidogo, utando kidogo, halina cha kuyeyusha. Ukilipika muda mrefu linapoteza maji bila kupata kitu badala yake. Na ng'ombe wetu wengi wanaolishwa majani hawana yale mafuta ya katikati ya nyama yanayoonekana kwenye picha za vitabu vya upishi vya wenzetu, kwa hiyo kosa dogo kwao ni kosa kubwa kwetu.

Basi kabla hata ya kuwasha oveni, jiulize wageni hawa ni wa aina gani. Kama ni wa "tuko njiani" huku hawajavaa viatu, mwambie wa bucha akupe bega, kilo moja na nusu hadi mbili. Weka kwenye trei yenye kina pamoja na kitunguu, nyanya na kikombe cha maji, funika vizuri kwa foili, oveni digrii 150, saa tatu hadi tatu na nusu, mpaka uma uingie na kuzunguka bila kushindana nawe. Hiyo itawasubiri. Kwa wakwe wa barabara ya Jinja mimi ningechagua hiyo bila kufikiri mara mbili.

Ila wewe umeuliza habari za paja, la kukatwa vipande vyembamba mezani, na linawezekana kabisa. Tuliza moyo tuhesabu.

Kwanza acha hesabu ya dakika kwa kilo. Inakupa makisio ya kupangia siku, lakini haijui umbo la nyama yako. Joto linaingia kutoka nje kuelekea katikati, kwa hiyo kinachoamua ni unene. Kilo mbili zilizo ndefu na nyembamba kama mkono zitaiva mapema kuliko kilo mbili zilizoviringika kama mpira. Pia haijui oveni yako. Ya kwangu ya kwanza, niliponunua kipimajoto kidogo cha kuning'iniza ndani, nilikuta ukiweka 180 inakwenda mpaka 215. Mwaka mzima nilikuwa nimewalaumu wenye bucha.

Pili, punguza moto. Digrii 200 inaifanya nyama iwe na matabaka: katikati ikifika 65, sentimita mbili za nje zimeshapita 80 na kukauka. Kwa digrii 150 joto linaingia polepole, nje na ndani vinakaribiana, na wewe unapata nafasi ya kuitoa kwa wakati. Karibu na mwisho, kwenye moto mdogo, katikati hupanda kama digrii moja kila dakika mbili. Kwenye moto mkali inakimbia, ukienda kumfungulia mtu geti umeshaikosa.

Tatu, nunua kipimajoto cha nyama, kile chenye sindano. Kwenye supermaketi kubwa za Kampala na maduka ya vyombo utakipata. Sindano ichomeke kutokea ubavuni, ncha yake isimame katikati kabisa ya sehemu nene kuliko zote.

Jumapili iliyopita, baada ya kusoma barua yako, nilinunua kipande kama chako, kilo 1.2, nene kama sentimita tisa, nikakifunga kwa uzi ili kiwe duara sawa mwanzo hadi mwisho. Chumvi nilikuwa nimeshaipaka tangu Jumamosi jioni, kijiko kimoja cha mezani kilichosawazishwa kwa kisu, nikakiacha kwenye friji bila kukifunika. Hili la chumvi usilipuuze. Ikipakwa dakika ya mwisho inakaa juu. Ikilala usiku inaingia ndani, na protini iliyokutana na chumvi hushika maji vizuri zaidi ikipata moto.

Nilitaka tule saa nane, kwa hiyo nikahesabu kurudi nyuma. Kukata na kupakua, robo saa. Kupumzika, nusu saa. Kuoka kwa 150, nikakisia saa moja na dakika arobaini na tano. Nyama ikatoka kwenye friji saa nne na nusu, ikaingia oveni saa tano na nusu. Saa sita na nusu nikapima mara ya kwanza: digrii 41. Saa saba kamili ilikuwa 57. Saa saba na robo ikafika 65, nikaitoa bila kumuuliza mtu yeyote kama wageni wameshafika. Nikaiweka kwenye ubao, nikaifunika foili kwa kulegeza. Sindano niliiacha ndani, na ikaendelea kupanda yenyewe hadi 69 kabla ya kuanza kushuka.

Hapo ndipo wapishi wengi wapya wanapoangukia. Nje ya nyama ni moto kuliko ndani, na ule moto hausimami eti kwa kuwa umefungua mlango wa oveni. Unaendelea kusafiri kuingia katikati. Kwa kipande kama hiki katika moto mdogo ongeza digrii tatu au nne. Kwenye oveni ya 200 inaweza kuwa saba au zaidi. Sasa fikiria yako, ambayo haikutolewa hata kidogo. Ulipozima swichi oveni ilibaki moto kwa muda mrefu, nyama ikaendelea kuoka humo dakika zote hamsini. Ulidhani unaihifadhi.

Ile nusu saa ya kupumzika nayo ni sehemu ya mapishi. Nyama ikitoka motoni juisi yake ni nyepesi, ukikata papo hapo inamwagika kwenye ubao. Ikipoa kidogo inakuwa nzito na inabaki pale ilipo. Nilipoikata, katikati haikuwa na wekundu wa damu, ilikuwa kahawia yenye waridi hafifu, na juisi iliyotoka ilikuwa nyeupe karibu kabisa. Kwenye mizani ikapungua kutoka gramu 1,200 hadi 930. Yako kama ungeipima, naamini ungekuta imepoteza zaidi ya theluthi.

Kama baba mkwe hataki kuona hata huo waridi, usiirudishe oveni. Kata vipande vyembamba kama sarafu, vichovye kwenye mchuzi unaochemka kwa nusu dakika, na waridi wote utakwisha huku nyama ikiwa bado na maji yake. Au itoe kwenye 68 badala ya 65. Usivuke hapo. Na chini ya 63 usishuke, kwa ajili ya usalama.

Ukikata, angalia nyuzi zinalala upande gani, kisha pitisha kisu kuzikata katikati, usiufuate mstari wao. Paja lililookwa vizuri likakatwa vibaya bado litamsumbua mtu mwenye meno machache.

Wageni wakichelewa je? Nyama itoke kwa wakati wake, wao waje kwa wakati wao. Ikishapumzika dakika kumi, ifunge foili mara mbili kwa kubana, iviringishe kwenye taulo nene, iweke kwenye sufuria nzito yenye kifuniko, au kwenye kile kibebeo cha barafu bila barafu. Itakaa moto saa nzima bila kuendelea kuiva. Ni akili ile ile ya majani ya mgomba, ila moto haupo chini. Ikizidi saa moja na nusu, kata na upashe kwenye mchuzi, usiiache ikakaa vuguvugu mchana kutwa.

Nirudi kwenye bucha, maana uliuliza, na kosa dogo lipo ingawa si la muuzaji. Nyama ya ng'ombe aliyechinjwa alfajiri, ukiinunua ingali moto, misuli yake bado haijamaliza kufa. Ukiitupa kwenye baridi kali saa hiyo misuli inajikunja kwa nguvu na kubaki hivyo, na ikiyeyuka baadaye inajikunja tena huku ikimwaga maji. Ule wekundu uliokuta kwenye sinia Jumamosi ndio maji yaliyokuwa yawe ya baba mkwe. Nyama moto iache kwanza ipoe mahali penye kivuli, saa moja au mbili tu na si zaidi, imefunikwa dhidi ya nzi, kisha iweke friji ya chini, si friza. Afadhali zaidi, mwombe muuzaji ile iliyolala kwenye jokofu lake tangu jana. Wengi wetu tunaamini iliyochinjwa leo ndiyo bora; kwa supu haina neno, kwa kuoka ni kinyume. Ukinunua Ijumaa ukaiweka friji mpaka Jumapili itakuwa imelegea yenyewe. Mtaa wenu ukiwa na tabia ya kukatika umeme usiku kucha, basi nunua Jumamosi.

Mpaka upate kipimajoto, tumia msumari mrefu wa mishikaki, wa chuma. Uchomeke katikati, hesabu mpaka kumi polepole, uutoe na uguse ncha chini ya mdomo wako. Ukiwa baridi, bado kabisa. Ukiwa vuguvugu kama maji ya kuogea mtoto, uko karibu na arobaini, umebakiza zaidi ya nusu saa. Ukiwa moto lakini unavumilika, toa nyama sasa, itamalizia yenyewe nje. Ukiwa moto wa kukurusha, umechelewa. Angalia pia tone linalotoka kwenye tundu: jekundu, subiri, la waridi hafifu, ndilo hilo, jeupe tupu, imepita. Njia hii haina uhakika wa sindano, kwa hiyo kwa wageni wajawazito, watoto wadogo au wagonjwa subiri tone liwe jeupe, na mchuzi uwe mwingi.

Neno la mchuzi limenikumbusha. Watu wa pwani wakisikia "rosti" wanategemea nyama iliyozama kwenye nyanya na vitunguu, wala si kipande kikavu cha oveni, na sasa hivi wao wako sahihi kuliko wewe. Siku nyama ya oveni ikikukaukia tena, iliyobaki iweke friji, na kesho yake ichambue kwa mikono iwe nyuzinyuzi. Kaanga vitunguu viwili, nyanya tatu na pilipili mbuzi, mimina kikombe cha maji, na mchuzi ukiwa mzito ndipo uitie nyama, dakika tano tu ipate moto. Chapati mbili, yai moja la kukaanga, viringisha kama roleksi, mpe shemeji wangu aende nayo kazini.

Dada yako